Zile milioni nane za uchakavu ziko wapi? Mwongozo kwa mwenye mashine ya mtumbwi

Januari 2025 mama mmoja wa Igombe kando ya Ziwa Victoria, tajiri wa mtumbwi wa dagaa, alinijia asubuhi na mapema akiwa na daftari la hesabu alilolifunga kwenye kanga. Mashine ya mtumbwi wake ilikuwa imekufa usiku huo ziwani, vijana wakarudi nchi kavu kwa makasia. Tulipomaliza salamu alifungua ukurasa niliouandika mimi mwenyewe wiki moja kabla, wa kufunga mwaka 2024, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Mwanangu, hapa umeandika uchakavu uliolimbikizwa, shilingi 8,000,000. Mashine imekufa, nimekuja kuzichukua. Ziko benki gani?"

Hazikuwa benki yoyote. Nilikuwa nimemwandikia hesabu miaka minne bila kukaa naye nikamweleza mstari ule, na kosa hilo ni langu. Yeye alisoma Kiswahili kama kilivyo. Mtu akilimbikiza ameweka kidogo kidogo mpaka kikawa kingi, kwa hiyo ukimwambia umelimbikiza milioni nane atakuuliza umeziweka wapi. Wahasibu tunalitumia neno hilo kwa kitu kingine kabisa: jumla ya gharama iliyokwisha kuhesabiwa tangu mashine ianze kazi. Mwongozo huu unafuata mashine ile ile moja tangu siku iliponunuliwa hadi ilipokufa. Bei ni zake yeye. Wewe weka zako.

Hatua ya kwanza: tafuta siku pesa ilipotoka

Mashine ilinunuliwa mwanzoni mwa Januari 2021. Dukani Mwanza mjini alilipa 8,600,000. Kuifikisha Igombe pamoja na wapakiaji kulikula 150,000, na fundi aliyeimarisha ubao wa nyuma wa mtumbwi, akaifunga na kuijaribu, alichukua 250,000. Jumla ni 9,000,000, na hiyo ndiyo gharama ya mashine. Usiandike bei ya risiti ya duka peke yake, maana mashine iliyokaa dukani haivui dagaa. Chochote ulicholipa ili ifike mahali pake na iwe tayari kufanya kazi kinaingia. Petroli ya safari ya kwanza haiingii, hiyo ni gharama ya safari. Kama hujasajiliwa kwenye VAT na kodi hiyo imo ndani ya bei, huwezi kuidai, kwa hiyo nayo ni sehemu ya gharama.

Katika zile milioni tisa, tano zilikuwa zake mkononi na nne alikopa kwenye kikundi. Hadi jioni ya siku ile pesa yote ilikuwa imeshatoka, ikaenda kwa mwenye duka, kwa mwenye gari na kwa fundi. Ukipekua daftari la fedha la miaka yote minne iliyofuata, hutaona siku nyingine ambayo pesa ilitoka kuilipia mashine kwa jina la uchakavu. Marejesho ya mkopo utayakuta, na nitayarudia, lakini mstari wa uchakavu hauko kabisa kwenye daftari la fedha.

Hatua ya pili: uliza gharama hiyo ni ya mwaka gani

Pesa ilitoka siku moja, lakini mashine ilisukuma mtumbwi kila giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, mwaka baada ya mwaka. Sasa faida ya 2021 ilikuwa kiasi gani? Kwa wastani, baada ya kutoa petroli na oili, mgao wa wavuvi, matengenezo, ushuru na riba ya mkopo, mtumbwi ulikuwa unambakizia mama ziada ya 5,000,000 kwa mwaka. Nimeilainisha tu ili hesabu isomeke, maana ziwa halitoi sawasawa kila mwaka.

Ukiibebesha 2021 milioni tisa zote, mwaka huo unaonyesha hasara ya milioni nne, na miaka inayofuata inaonyesha faida nono. Ukizigawa kwa muda ambao mashine inafanya kazi, kila mwaka unabeba sehemu ya mashine iliyoitumia. Chukua makadirio tuliyoyafanya siku ya kununua: itafanya kazi miaka minne, kisha itauzwa 1,000,000.

| Mwaka | Ziada kabla ya gharama ya mashine | Faida ukitoa zote mwaka wa kwanza | Faida ukigawa |
|---|---|---|---|
| 2021 | 5,000,000 | −4,000,000 | 3,000,000 |
| 2022 | 5,000,000 | 5,000,000 | 3,000,000 |
| 2023 | 5,000,000 | 5,000,000 | 3,000,000 |
| 2024 | 5,000,000 | 6,000,000 | 3,000,000 |
| Jumla | 20,000,000 | 12,000,000 | 12,000,000 |

Ile milioni ya ziada ya 2024 kwenye safu ya tatu ni pesa ya kuuza mashine chakavu. Tazama mstari wa jumla. Kwa njia zote mbili mama amepata milioni kumi na mbili, wala hakuna shilingi iliyozaliwa au kupotea kwa sababu ya kugawa. Kilichobadilika ni mwaka upi umebeba nini. Lakini safu ya tatu ingemdanganya vibaya: mwisho wa 2021 angeweza kuuza mtumbwi akidhani biashara imemshinda, na 2022 angeweza kutumia milioni tano zote akiamini ni faida, ilhali mbili kati yake ni kipande cha mashine kilichokwisha kuliwa na kazi ya mwaka ule.

Hatua ya tatu: kadiria maisha na thamani ya mabaki

Hapa ndipo penye kazi ya kufikiri, na hapa ndipo wengi wanakopa namba ya jirani. Maisha unayoyatafuta ni muda ambao wewe utaitumia mashine hii, kwa kazi yako. Mashine ya aina ile ile inayovusha abiria mara mbili kwa siku na inayokwenda dagaa haziishi sawa. Mtumbwi wa dagaa hupumzika mbalamwezi inapokuwa kali, kwa sababu taa haziwavuti samaki kukiwa na mwanga angani. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo kutu ya chumvi inayowasumbua wenzetu wa pwani ya bahari hatuna. Tuna mchanga. Vijana wakiwasha mashine kwenye kina kifupi, maji yenye mchanga hupita kwenye pampu ya kupooza na kuila taratibu, mpaka siku moja mashine inapata moto kupita kiasi.

Waulize watu wawili: fundi anayeifungua, na tajiri mwenye mashine kama yako iliyokwisha kuzeeka. Tulipouliza, majibu yalikuwa kati ya miaka mitatu na mitano, tukachukua minne. Thamani ya mabaki, yaani bei utakayoiuzia mashine ikimaliza kazi, nayo iulizwe kwa wanaonunua mashine chakavu kwa ajili ya vipuri, na uwe mgumu kuamini bei kubwa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Gharama 9,000,000 toa mabaki 1,000,000, inabaki 8,000,000. Gawa kwa miaka minne, unapata 2,000,000 kwa mwaka, na huo ndio uchakavu wa mwaka mmoja. Ukitumia Excel, andika:

```
=SLN(9000000,1000000,4)
```

Itakupa 2000000. Mashine ikinunuliwa katikati ya mwaka, gawa kwa miezi: iliyo tayari mwanzoni mwa Septemba inabebesha mwaka huo miezi minne tu kati ya kumi na miwili. Anza kuhesabu siku ilipokuwa tayari kufanya kazi, hata kama vijana walisubiri giza ndipo wakaitumia.

Hatua ya nne: iandike, kisha itafute pesa kwenye ulichoandika

Kila tarehe 31 Desemba niliandika mistari miwili:

```
Debiti   Gharama ya uchakavu           2,000,000
Krediti  Uchakavu uliolimbikizwa       2,000,000
```

Nilipomwonyesha mama mistari hii nilimwomba atafute ndani yake neno fedha taslimu, au benki, au simu. Halipo. Mstari wa kwanza unapunguza faida ya mwaka. Wa pili unapunguza thamani ya mashine kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya biashara, na ndiyo sababu ukiufuata kwenye mizania utaukuta umekaa chini ya mashine, ukitolewa:

Mashine, gharama: 9,000,000
Toa uchakavu uliolimbikizwa: 8,000,000
Thamani ya kitabuni, 31 Desemba 2024: 1,000,000

Mama aliitazama kwa muda. Kisha akasema, "Kwa hiyo hizi nane ni mashine iliyokwisha." Ndivyo hasa. Ni kama jembe lililokuwa na ubapa mpana, ukalima nalo misimu mingi mpaka likabaki kipande. Kile kilicholika ni milioni nane, na ile milioni moja ndicho kipande kilichobaki. Siku hizi naandika kwenye daftari lake "sehemu ya mashine iliyokwisha tumika" na neno la kihasibu naliweka pembeni.

Tahadhari moja hapa: hata hiyo thamani ya kitabuni si bei ya sokoni. Ni gharama ya zamani ambayo bado hujaibebesha mwaka wowote. Ukienda kuuza, mnunuzi hataki kujua daftari lako linasemaje.

Hatua ya tano: tafuta ziada ilikokwenda

Swali la mama bado lilikuwa na haki yake. Kwa miaka minne biashara ilitoa ziada ya milioni ishirini, na yeye, kwa nidhamu ambayo sijaiona kwa wengi, alichukua nyumbani faida tu, milioni kumi na mbili: ada, mabati, matibabu. Uchakavu ulifanya faida ionekane milioni tatu badala ya tano, akachukua tatu. Kwa hiyo milioni mbili za kila mwaka zilibaki ndani ya biashara, jumla nane. Watu hukosea hapa kwa sababu wako karibu na ukweli: uchakavu unaweza kumzuia mwenye mali asile kila kitu. Lakini kilichobaki ndani ya biashara hakina amri ya kukaa kama noti. Kinageuka kitu chochote ambacho biashara imekigusa.

Tulikaa na daftari la fedha, la wadaiwa na la kikundi, tukazifuata hizo nane moja moja.

Milioni nne zilikuwa zimerudishwa kwenye kikundi. Hapo mama alishangaa, kwa sababu hakuyaona marejesho hayo kwenye hesabu ya faida. Riba ni gharama na ilikuwapo. Kurudisha mkopo wenyewe si gharama: pesa inatoka na deni linapungua. Kwa maneno mengine, nusu ya zile nane zilikuwa zinailipia mashine ya zamani, ile iliyokufa.

Shilingi 1,900,000 zilikuwa kwa wachuuzi wa Mwaloni Kirumba waliochukua dagaa kwa mali kauli na hawajalipa. Ziada ilihesabiwa siku ya kuuza, pesa haijafika. Nyingine 700,000 zilikuwa stoo, magunia ya dagaa wakavu waliongoja bei ipande. Zilizobaki, 1,400,000, ndizo zilizokuwa kwenye akaunti na simu. Ukijumlisha unapata 8,000,000 kamili.

Zoezi hili lifanye kila mwaka kabla mashine haijafa. Andika ziada kabla ya uchakavu, toa ulichochukua nyumbani, kisha orodhesha kilichobaki kiko wapi: marejesho ya mikopo, wadaiwa, mali stoo, vifaa vipya, fedha. Jumla isipokubaliana, kuna pesa iliyotoka bila kuandikwa. Ikikubaliana, angalia mstari wa fedha peke yake. Huo ndio unaoweza kununulia mashine, na kwa mama ulikuwa 1,400,000.

Hatua ya sita: kama unataka pesa ya mashine mpya, iweke

Kuweka akiba ni tendo la pili, lina mistari yake, na mistari hiyo inagusa fedha pande zote mbili:

```
Debiti   Benki: akiba ya mashine       220,000
Krediti  Benki: matumizi ya kila siku  220,000
```

Mstari huu haupunguzi faida hata senti, kwa sababu pesa imehama mfuko na bado ni yako. Ule wa uchakavu unapunguza faida na haugusi fedha. Mtu akikuuliza tofauti, mwekee miwili hiyo sambamba.

Kiasi cha kuweka usikichukue kwenye uchakavu. Uchakavu umefungwa kwenye bei ya 2021. Mashine ya kufanana na ile, tulipouliza bei, ilikuwa imefika 11,500,000 pamoja na kuifunga. Tukichukulia kwamba hiyo mpya nayo itauzwa 1,000,000 mwisho wa miaka minne, na bei isipande tena, zinatakiwa 10,500,000 kwa miezi 48, yaani kama 220,000 kwa mwezi. Uchakavu wa mashine ya zamani ulikuwa kama 167,000 kwa mwezi. Aliyeweka kiasi cha uchakavu angefika mwisho na milioni nane, akauza chakavu, na bado akapungukiwa na mbili na nusu. Bei ikipanda, hesabu hii irudie kila mwaka.

Na kwa uvuvi wa dagaa, usijipangie tarehe mosi. Pesa inaingia wakati wa giza na inakauka mbalamwezi. Weka mara tu mgao unapofanyika, kabla hujaanza kulipa madeni madogo madogo.

Mambo yanayoharibika njiani

Makadirio yakikosea, usifute ya nyuma. Tuseme mwisho wa 2022, thamani ya kitabuni ikiwa 5,000,000, fundi angesema mashine hii haitavuka mwaka mmoja zaidi. Ungetoa mabaki 1,000,000, na milioni nne zilizobaki zote zingekuwa mzigo wa 2023. Miaka iliyopita ilihesabiwa kwa ulichokijua wakati ule, iache.

Matengenezo ya kawaida, plagi, oili, pampu ya maji, ni gharama ya mwezi huo huo. Ukifanya ukarabati mkubwa unaoipa mashine miaka mingine, gharama hiyo iongeze kwenye mashine na uigawe kwa muda uliobaki. Ndivyo ilivyo hata kwa vyombo vikubwa: meli ya MV Victoria ilipofanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, ilipata maisha mapya ya kazi, na kazi ya namna hiyo huwezi kuiandika pamoja na rangi ya kupaka kila mwaka.

Kuhusu TRA: wao hawatumii makadirio yako. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 ina madaraja yake ya mali na viwango vyake, ambapo vyombo vya majini viko kwenye daraja la asilimia 25 ya thamani inayobaki, inayopungua mwaka hadi mwaka. Kwa milioni tisa mwaka wa kwanza ni 2,250,000, wa pili 1,687,500. Usishangae namba hizo zikitofautiana na zako, kila moja ina kazi yake. Na kama unalipa kodi kwa kukadiriwa kutokana na mauzo, uchakavu hauipunguzi kodi yako. Unauandika kwa ajili ya kujua faida yako mwenyewe.

Mashine ile fundi aliifungua, akakuta shafti imekatika. Muuza vipuri akatoa 600,000. Kwenye daftari thamani ilikuwa 1,000,000, kwa hiyo 400,000 ziliandikwa hasara ya kuuza mashine, na faida ya miaka yote minne ikawa 11,600,000 badala ya 12,000,000. Mabaki tuliyakadiria juu mno. Kwa mashine iliyofuata tumeandika 600,000, na kiasi cha kuweka kila mwezi kikapanda kidogo, tukakifanya 230,000.

Wachuuzi wawili walilipa wiki hiyo, magunia yakauzwa bila kungoja bei, na pengo likafunikwa na mkopo mwingine wa kikundi. Giza lililofuata, mama alinipigia simu akiwa mwaloni, kelele za wapakiaji nyuma yake.

"Mwanangu, nimehamisha 230,000. Andika kwenye ule ukurasa wa benki, si kule kwa jembe."

Niliandika hivyo, tarehe na saa.